Simu Inapohama Mnara

Msafiri wa basi kutoka Morogoro kwenda Iringa anaufahamu mlima Kitonga. Barabara inajikunja ubavuni mwa mlima, malori yaliyobeba shehena ya Zambia na Kongo yanapanda taratibu, na ndani ya basi kuna mtu anazungumza na simu. Ghafla anaanza kusema: "Halo? Halo? Unanisikia?" Upande wa pili kimya. Zinapita sekunde kadhaa, simu inakata. Akitazama kioo, anakuta vijiti vya mtandao vimejaa. Anapiga tena, na safari hii maongezi yanakwenda vizuri kabisa.

Watu wengi husema mtandao ulipotea. Lakini vijiti vile vinasema jambo jingine: pale alipo mtandao upo, na una nguvu. Simu ilikatika katikati ya mtandao mzuri. Ili kuelewa jambo hilo linawezekanaje, inabidi kufuata hatua kwa hatua namna simu inayoendelea inavyotolewa mnara mmoja na kupokewa na mnara mwingine, kazi ambayo wahandisi huiita makabidhiano. Hufanyika mara nyingi sana katika safari moja, na mara nyingi zaidi msemaji hana habari kama imefanyika.

Kwanza tujue kinachokabidhiwa. Mnara wa simu kwa kawaida hubeba antena zinazoelekea pande tatu, na kila upande hutawala kipande chake cha ardhi kinachoitwa seli. Mjini seli huweza kuwa na upana wa mita mia kadhaa tu, kwa sababu watu ni wengi na kila seli ina nafasi chache za maongezi. Mashambani hufika kilomita nyingi. Wazo la kugawa nchi katika seli liliandikwa mwaka 1947 na Douglas Ring, mhandisi wa maabara za Bell huko Marekani. Likabaki swali gumu: mtu akitoka seli moja kuingia nyingine huku anaongea, itakuwaje? Mhandisi mwingine wa maabara hizo, Amos Joel, alipata hataza mwaka 1972 kwa mfumo wa kuhamisha maongezi bila kuyakata. Bila utaratibu wa namna hiyo, kila seli ingekuwa kisiwa.

Nitaeleza kwa kutumia 2G, yaani mtandao wa GSM, kwa sababu mbili. Hatua zake ni rahisi kuziona, na bado unabeba maongezi mengi vijijini na kwenye barabara zetu kuu. Hata simu janja iliyoshika 4G, kama haina huduma ya VoLTE au mtandao wake hauitoi mahali hapo, hushuka kwenye 3G au 2G mara tu unapopiga au kupokea.

Ukiwa unaongea kwenye 2G, simu yako haitumii masafa muda wote. Hewa imegawanywa katika zamu nane fupi, na wewe umepewa zamu moja, inayojirudia kama mara 217 kwa sekunde. Simu hupokea katika zamu yake, hutuma katika zamu yake, na muda unaobaki huutumia kusikiliza minara ya jirani. Haisikilizi ovyo. Mnara unaoihudumia umeipa orodha ya masafa ya seli jirani, na hayo ndiyo inayoyapima. Kila seli hutangaza namba yake fupi ya utambulisho, na simu huisoma namba hiyo ili isichanganye minara miwili inayotumia masafa yaleyale.

Kila milisekunde 480, yaani karibu mara mbili kwa sekunde, simu hutuma ripoti. Inasema: mnara wangu nausikia kwa nguvu hii na kwa usafi huu, na majirani sita ninaowasikia vizuri zaidi ni hawa, kila mmoja na nguvu yake. Ripoti hupitia mnara hadi kwenye kidhibiti, mtambo unaosimamia minara mingi kwa pamoja. Kidhibiti ndicho kinachoamua. Simu haichagui iende wapi wakati wa maongezi. Kazi yake ni kupima, kusema, na kutii.

Kidhibiti kikiona jirani mmoja amezidi, huulizia kwanza kule kwenye seli mpya kama kuna nafasi. Ikipatikana, nafasi hiyo hutengwa, kisha amri huandikwa: nenda kwenye masafa haya, zamu hii, mnara wenye namba hii. Amri hupelekwa kwa simu kupitia mnara wa zamani, na kwa kuwa ni ya haraka hupewa nafasi ya sauti yenyewe. Vipande vichache vya maongezi, kila kimoja cha milisekunde 20, huondolewa ili amri ipite. Mwenye sikio jepesi huweza kusikia mkwaruzo mdogo au mkato wa kufumba na kufumbua.

Simu ikipokea amri inaachana na mnara wa zamani na kubisha hodi kwenye mpya kwa mlio mfupi. Mlio ni mfupi kwa makusudi. Simu haijui iko umbali gani na mnara ule, na ikituma ujumbe mrefu bila kujua, ujumbe utachelewa kufika na kuingilia zamu ya mtu mwingine. Mnara mpya hupima ucheleweshaji wa mlio huo na kujibu: tuma mapema kwa kiasi hiki. Hesabu hiyo huenda kwa ngazi, kila ngazi ikiwa na umbali wa kama mita 550, na ngazi ya mwisho ni ya 63. Ndiyo maana seli ya kawaida ya GSM haivuki kilomita 35, hata kama mnara uko juu ya kilima na nguvu zake zinafika mbali zaidi. Baada ya jibu hilo simu huthibitisha kuwa imefika, kidhibiti huifungulia sauti upande mpya, na nafasi ya zamani hupewa mtu mwingine.

Waliobuni GSM waliweka na kinga. Nafasi ya zamani haifutwi mpaka simu ithibitishe kufika. Simu ikibisha hodi kwenye mnara mpya isijibiwe ndani ya milisekunde 320, hurudi ilikotoka na kutoa taarifa kwamba imeshindikana. Kwa hiyo anayefuatiliwa hana ulazima wa kuanguka akikataliwa mlangoni. Shida kubwa iko kabla ya hapo.

Tazama tena njia ya ile amri. Mnara unaozidi kufifia ndio unaopaswa kuibeba amri ya kuuacha. Ni kama mwenyeji anayemsindikiza mgeni usiku na kumwelekeza mlango wa nyumba ya pili: lazima amwelekeze sauti ikiwa bado inafika. Akichelewa, mgeni atabaki gizani ingawa nyumba ya pili ina taa na watu wako macho. Hivyo ndivyo simu nyingi zinavyokatika mwendoni, na Kitonga ni mahali pazuri pa kuliona jambo hilo kwa hesabu.

Tuseme mnara mmoja uko chini bondeni na mwingine uko juu, nyuma ya bega la mlima. Hii ni mifano ya namba, si vipimo vya mnara fulani. Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa desibeli, na namba zake huwa hasi. Iliyo karibu zaidi na sifuri ndiyo yenye nguvu. Kabla ya kona, simu inausikia mnara wa bondeni kwa -77, hali nzuri kabisa, na mnara wa juu kwa -97, kwa shida. Basi linakunja kona. Jabali linakaa kati ya basi na bonde. Mnara wa bondeni unashuka hadi -102, karibu na mwisho wa uwezo wa simu kusikia, na ule wa juu unapanda hadi -72. Desibeli 25 zilizopotea zina maana nguvu imepungua zaidi ya mara 300, ndani ya mita chache za barabara.

Kidhibiti hakioni kona. Kinaona ripoti. Na hakiamini ripoti moja. Kinachukua, kwa mfano, wastani wa ripoti nane za mwisho, kisha kinasubiri jirani awe amezidi kwa angalau desibeli 6, ambazo ni sawa na nguvu mara nne. Kabla ya kona mnara wa bondeni ulikuwa mbele kwa desibeli 20. Baada ya kona mnara wa juu uko mbele kwa 30. Ukipiga hesabu, zinahitajika ripoti tano mpya kabla wastani haujavuka zile 6. Ripoti tano ni sekunde 2.4. Basi linalopanda kwa kilomita 30 kwa saa limeshakwenda mita 20 hivi ndani ya kivuli cha jabali, na amri ndiyo kwanza inatoka, tena kupitia mnara wa bondeni. Isitoshe, zile ripoti tano zenyewe zilipaswa kupanda kwa njia hiyohiyo dhaifu. Zikipotea mbili au tatu, kidhibiti kitachelewa zaidi, au hakitaamua kabisa.

Msomaji atauliza kwa nini kidhibiti kisiamue kwa ripoti moja. Sababu ni kwamba mawimbi hayashuki kwa unyoofu. Katika masafa ya megahezi 900 urefu wa wimbi ni kama sentimita 33, na kwa kuwa mawimbi hufika kwenye simu yakitokea kwenye kuta, mabati, miti na ardhi, kuna sehemu yanapojazana na sehemu yanapoangamizana. Mabonde hayo ya nguvu huweza kuwa karibukaribu, umbali wa nusu ya wimbi, sentimita 16 au 17 tu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mengi ya namna hiyo kila sekunde. Kidhibiti kikifuata kila mtikisiko, simu ingehamishwa kwenda mnara huu na kurudi ule bila kupumzika, kila uhamisho ukikata vipande vya sauti na kuhatarisha maongezi. Wahandisi huona hali hiyo kwenye kumbukumbu za mtandao: simu moja imekabidhiwa mara kumi kati ya seli zilezile mbili ndani ya dakika moja.

Kwa hiyo kuna mivutano miwili. Ukipunguza muda wa kusubiri na tofauti inayotakiwa, utawaokoa waliopinda kona, lakini utawasumbua walioketi barazani mpakani mwa seli mbili. Ukiongeza, utawatuliza wa barazani na kuwapoteza wa barabarani. Mipangilio inayofaa uwanda wa Dodoma, ambako mnara hufifia polepole kwa kilomita kadhaa, haifai Kitonga. Kwa maoni yangu hapa ndipo tofauti ya kampuni inayojali inapoonekana. Kupanga jozi moja ya minara peke yake, kwa kutazama kona moja ya barabara, ni kazi ya mtu aliyekwenda pale na gari la vipimo. Haiwezi kufanywa kwa kunakili mipangilio ileile nchi nzima.

Turudi kwa msafiri anayesema "Halo? Halo?" Kile kimya kina urefu maalumu. Simu inapozungumza huwa na kihesabio. Tuseme kinaanzia 20. Kila kifungu cha taarifa za mnara, kinachopaswa kufika kila milisekunde 480, kisiposomeka, kihesabio hupungua moja. Kikisomeka, huongezeka mbili, bila kuvuka 20. Kikifika sifuri, simu hutangaza kuwa imepoteza mnara na maongezi hufa. Kutoka 20 hadi sifuri bila kusikia chochote ni sekunde 9.6. Ndiyo zile sekunde ambazo unashikilia simu sikioni na hakuna sauti, wala mlio wa kukatika. Basi likitoka kwenye kivuli kabla ya kihesabio kwisha, sauti hurudi na watu huendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Baada ya kukatika, simu iko huru kujichagulia mnara yenyewe. Hushika ule wa juu mara moja, na vijiti hujaa.

Si kila simu inayokatika imechelewa kupewa amri. Nyingine haikupewa amri kwa sababu mnara bora haukuwa kwenye orodha. Nimesema simu hupima majirani walioorodheshwa tu. Orodha hiyo huandikwa kwa kila seli peke yake, na ni ya upande mmoja: seli ya kwanza kumtambua ya pili hakuifanyi ya pili imtambue ya kwanza. Mnara mpya ukijengwa kando ya barabara na mhandisi akaingiza majirani upande mmoja akasahau wa pili, simu zitapita salama kwenda na kukatika kurudi. Dalili hiyo ni ya kuaminika sana. Ukiona mahali fulani simu hukatika kila ukielekea mjini, na ukitoka mjini haikatiki, shuku orodha. Kosa la namna hii halihitaji mnara wala fedha. Mtu anakaa kwenye kompyuta na kuongeza mstari mmoja.

Kuna na seli iliyojaa. Katika 2G mtambo mmoja wa kurusha una zamu nane, na baadhi yake hutumika kwa matangazo ya mnara na ujumbe wa kuanzisha simu. Seli yenye mitambo miwili hubakiwa na nafasi kama 14 za maongezi, au takribani mara mbili ya hizo sauti ikibanwa zaidi. Fikiria jioni, mabasi yanaingia stendi kuu na kila abiria anamwambia ndugu yake, "Nimefika, njoo unichukue." Simu inayotoka barabarani ikiwa hewani inaomba nafasi na kuambiwa hakuna. Inabaki kwenye mnara wa zamani, inazidi kwenda mbali nao, hadi inakufa. Mitandao mingi hutenga nafasi chache kwa ajili ya wanaohama tu, ikikubali kuwanyima wanaoanza kupiga. Uamuzi huo ni wa haki. Anayepiga akakosa hupiga tena. Anayekatwa katikati ya habari ya msiba au ya hospitali amepoteza zaidi.

Mpakani ni habari fupi. Ukivuka Namanga au Tunduma ukiwa unaongea, kwa kawaida hakuna makabidhiano kati ya mtandao wa nchi moja na wa nchi nyingine. Simu hung'ang'ania mnara wa nyumbani mpaka uishe, inakatika, ndipo inajisajili upande wa pili.

Je, 4G imelimaliza tatizo? Imelipunguza. Minara yake huongea moja kwa moja bila kidhibiti cha katikati, simu hutuma ripoti pale tu jirani anapozidi kwa kiasi kilichopangwa na kwa muda uliopangwa, na kusubiri huko huhesabiwa kwa milisekunde mia kadhaa, si sekunde. Mnara mpya huandaa nafasi kabla simu haijaondoka. Simu ya 4G pia inaweza kuusikia mnara ambao haumo kwenye orodha, ikasoma utambulisho wake na kuutaarifu mtandao, hata orodha ikajiandika yenyewe. Lakini amri bado hupitia mnara wa zamani. Na mahali 4G inapoishia porini, anayeongea kwa VoLTE lazima ashushwe kwenye 3G au 2G katikati ya maongezi, hatua nzito kuliko kuhama kati ya minara ya aina moja. Kampuni isiyoweka utaratibu huo sawasawa huwaacha wateja wake pale pale.

Mwaka 2020 shirika la viwango la 3GPP lilikamilisha toleo la 16 la kanuni za mitandao, na ndani yake kuna makabidhiano ya masharti. Mnara hutoa amri mapema, ungali unasikika vizuri, na kuorodhesha minara kadhaa iliyokwisha kutenga nafasi. Simu huiweka amri hiyo bila kuitekeleza. Sharti likitimia, mfano jirani mmoja amezidi kwa desibeli kadhaa, simu huhama yenyewe bila kusubiri neno jingine. Kwenye kona ya Kitonga, amri ingekuwa mfukoni kabla jabali halijaingia kati. Gharama yake ni kwamba nafasi hutengwa kwenye minara ambayo huenda isitumike, na simu pamoja na minara yote miwili lazima iwe na uwezo huo. Barabara zetu nyingi bado hazijafika hapo.

Wakati huo, mteja ana taarifa ambazo mhandisi aliye ofisini hana. Mamlaka kama TCRA ya Tanzania na CA ya Kenya huendesha magari ya vipimo barabarani, lakini hayawezi kuwa kila kona kila siku. Ukipiga huduma kwa wateja kulalamika, usiseme tu kwamba mtandao ni mbovu. Sema mahali: kona ipi, kijiji gani, karibu na daraja gani. Sema ulikuwa unaelekea wapi, na kama safari ya kurudi hukatika pia. Sema saa. Eleza kama kulitangulia kimya cha sekunde nyingi au simu ilikata ghafla, na kama vijiti vilijaa mara baada ya kukatika. Omba namba ya malalamiko uiandike, na isiposhughulikiwa uipeleke kwa mamlaka.